Mrejesho: ECG ya yule bibi wodini

Niliuliza: “Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Kila nikihesabu mapigo kwenye ECG ya bibi mmoja napata jibu tofauti. Nakosea wapi?”

Wakuu, asanteni sana. Nilifuata ushauri wa kutokimbilia kugawa 300 kwa idadi ya miraba mikubwa, maana njia ile inataka mapigo yaliyopishana sawasawa. Niliweka ukingo wa karatasi juu ya mchoro, nikatia alama kwenye vilele vitatu, kisha nikaisogeza mbele. Alama hazikuoana na vilele. Kumbe ndiyo maana pengo moja lilinipa 150, jingine 75! Nikahesabu vilele vya mstari mrefu wa chini, ambao ni sekunde 10: vilikuwa 19. Mara 6, ni 114 kwa dakika. Wimbi la P sikuliona popote. Sista wa zamu akamwita daktari: etriali fibrilesheni.

Wiki iliyofuata niliteleza. Baba mmoja alitetemeka kwa homa, mstari ukajaa vijiwimbi, nikasema ni ileile. Wodi ilikuwa imefurika, karatasi sikuitumia. Sista alipoiweka, alama zilikaa juu ya kila kilele. Tulimfunika blanketi, tukasubiri atulie, tukarudia kipimo, na P zikajitokeza kabla ya kila QRS.

Sehemu ya ST bado inanishinda. Mgonjwa akilalamika maumivu ya kifua, mchoro naupeleka kwa sista papo hapo, sikai nao kujaribu mwenyewe.