Naomba ushauri: RSI ya dhahabu ikikwama juu ya 70, mnauza kwa kigezo gani?

Wakuu, nazungumzia XAUUSD, chati ya siku, RSI ya 14. Mwanzoni mwa Machi 2024 dhahabu ilipovuka kilele cha Desemba 2023, karibu dola 2,135, RSI ilikuwa imeshapita 70. Aliyeuza kwa sababu hiyo tu aliiona bei ikigusa 2,431 tarehe 12 Aprili.

Chanzo kiko kwenye hesabu yenyewe:

```
RSI = 100 - 100/(1 + RS)
```

RS ni wastani wa kupanda ukigawanywa kwa wastani wa kushuka. Kupanda kukiwa dola 12 na kushuka 4, unapata 75. Uwiano huo usipobadilika, RSI inaganda hapohapo huku bei ikizidi kupaa. Inapima kasi tu, haisemi bei ni ghali. Hilo jina la “imenunuliwa kupita kiasi” ndilo linaloponza watu.

Sasa, kwenye mwelekeo mkali namna ile, mnasubiri mshumaa wa siku ufunge RSI ikiwa imerudi chini ya 70, au hamuuzi kabisa, mnavizia kununua ikishuka hadi 40-50? Maana bei ikipumzika siku mbili tu, RSI inashuka chini ya 70 kisha safari inaendelea. Mnaichujaje ishara hiyo ya uongo?