Kondensa imegoma kutoka kwenye flaski, naombeni msaada kabla sijawasha moto

Jicho_la_Mizani
Wakuu, habari za saa hizi. Nina flaski ya mililita 500, shingo 24/29, na kondensa imekwama juu yake. Nimezungusha mpaka viganja vinauma, haisogei hata nywele. Jointi nilipaka grisi kama kawaida. Kesho asubuhi lazima niendelee na kazi. Nimefikiria kupitisha moto wa bana pale kwenye shingo. Je, kuna mwenye uzoefu?

Mama_Kabati
Pole mwanangu. Mimi nilikuwa na chupa ya manukato ya bibi, kizibo cha glasi kikakwama miaka. Nikailaza kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha, asubuhi kikatoka chenyewe na harufu ikajaa nyumba nzima. Jaribu maji tu, usihangaike.

Nati_na_Bolti
Weka kwenye friza masaa mawili. Glasi inasinyaa, inaachia. Isipokubali, nyunyizia mafuta ya kulegeza nati.

FundiShingo
Nati, friza inasinyaza vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo hakuna kinacholegea. Kinachotakiwa ni shingo ya nje ipate joto na ya ndani ibaki baridi. Mafuta sikatai, ila sasa hivi yatachafua tu.
Mwenye uzi, kabla ya bana: ndani ya flaski kuna nini?

Jicho_la_Mizani
Kuna sampuli tu, ya kawaida. Moto nitaupitisha juu juu, sitakaa nao.

FundiShingo
"Ya kawaida" si jibu. Kuna nini, na imekaa tangu lini?

Jicho_la_Mizani
Sawa. Ni mafuta ya mbegu niliyochemsha na KOH ndani ya ethanoli ili yageuke sabuni. Nilizima Ijumaa jioni, nikaweka kizibo juu ya kondensa vumbi lisiingie, nikaondoka. Leo Jumatatu. Bado kuna kama mililita 150 ndani. Ila nasisitiza, moto ni wa sekunde chache, na nimeshaona watu wakifanya.

FundiShingo
Bana weka chini. Una ethanoli kwenye chombo ulichokiziba juu, halafu unataka kukichoma shingoni. Mvuke utatafuta pa kutokea, na utakutana na mwali.
Toa kwanza kile kizibo cha juu. Kisha niambie, kondensa yako ni bomba lililonyooka au lenye koili?

Jicho_la_Mizani
Limenyooka.

FundiShingo
Basi sampuli yako haijafungwa. Toa mipira ya maji, kamata flaski na kondensa kwa pamoja, inamisha taratibu, umimine kupitia bomba la kondensa mpaka kwenye bika. Ikiwa sabuni imeganda, pasha kwa maji moto kwanza, kizibo kikiwa kimetolewa na pasiwe na moto karibu. Suuza mara mbili kwa ethanoli kidogo. Vaa miwani, KOH haina huruma kwa macho. Sampuli ikishatoka, kilichobaki ni glasi, na glasi hununuliwa.

Mwalimu_wa_Zamu
Ndiyo matatizo ya vijana wa siku hizi. Chombo hakiachwi kimeunganishwa. Ukizima, subiri kipoe kidogo, jointi ikiwa bado na uvuguvugu unaitenganisha. Sisi tulifundishwa hivyo kwa fimbo.

Pipa_Tupu
Mwalimu, hizo fimbo zilisaidia kondensa ngapi? 😂

Chunguza_Kwanza
Samahanini, mimi naona hii ni chai. Mtu amepaka grisi "kama kawaida", alkali ikakaa siku tatu, jointi ikagoma kabisa? Yenye grisi huwa inateleza hata ikiwa ngumu. Piga tochi pembeni ya jointi, utuambie unaona nini. Ikiwa na grisi inakuwa angavu kama dirisha. Huenda hata flaski haipo, au anapika pombe yake huko anatutania.

Pipa_Tupu
Pombe ya KOH? Hiyo ungeinywa mara moja tu, Chunguza.

Jicho_la_Mizani
Si chai na si pombe. Nimepiga tochi. Sehemu kubwa ni nyeupe kama ukungu, chini kuna pete nyeupe zaidi, kama chaki.
Kusema kweli sikupaka grisi. Baadaye natoa kwa heksani ile sehemu isiyogeuka sabuni, nakausha, napima uzito. Masalia yenyewe ni miligramu chache. Grisi ya silikoni inayeyuka kwenye heksani, ingeingia kwenye uzito wangu. Kwa hiyo niliiacha kavu makusudi, na bado naona nilikuwa na sababu.

FundiShingo
Sababu unayo, suluhisho ndilo ulilokosea. Alkali inakula glasi. Ethanoli ikipanda hadi kwenye jointi kavu hubeba KOH kidogo kidogo, inakauka pale, na uso uliosagwa unaliwa na kushikana. Hiyo pete ya chaki inaweza kuwa KOH iliyokauka tu, au glasi iliyokwisha kuliwa. Kwa kutazama hatutajua.

Fanya hivi baada ya kumimina na kusuuza kwa maji. Simamisha flaski wima. Pale mdomo wa shingo unapokumbatia kondensa kuna kijimfereji chembamba. Dondoshea siki nyeupe, iache iingie, ongeza kila inapokauka, usiku mzima. Kama ni chumvi imeshika, italainika.

Asubuhi tumia bunduki ya hewa moto, flaski ikiwa haina ethanoli hata harufu. Zungusha joto kwenye shingo ya nje kwa nusu dakika, maji baridi yakipita kwenye koti la kondensa, halafu papo hapo yumbisha kondensa kushoto na kulia. Usivute kwa nguvu, na mikono iwe ndani ya kitambaa kinene. Mchezo wenyewe ni mdogo sana: shingo ya milimita 24 ya borosilikati ikipata nyuzi 100 zaidi inapanuka kama milimita 0.008. Lakini mteremko wa jointi ni 1 kwa 10, kwa hiyo hiyo inatosha kondensa kupanda milimita 0.08. Ukichelewa, joto linafika ndani na faida imeisha. Acha ipoe, rudia. Mara nne au tano bila kusikia "tik", acha. Ukiendelea utavunja ukiwa umeishika.

Nati_na_Bolti
Na wakati mwingine apake grisi ya silikoni nene, hakuna kitakachokwama.

BintiHeksani
Nati, amekwambia heksani! Mimi niliwahi kupima "mavuno" mazuri yakawa grisi yangu mwenyewe. Mkuu, kwa kazi yako nunua slivu za tefloni za 24/29. Unaivalisha jointi ya kondensa kama soksi, hakikisha haina kunyanzi, maana kunyanzi moja ndiyo njia ya mvuke. Kwa kuchemsha wazi inatosha sana. Kwa vakyumu kubwa siiamini, pale narudi kwenye grisi, nyembamba, theluthi ya juu tu, nazungusha mpaka jointi inakuwa angavu.

Chunguza_Kwanza
Utepe wa tefloni wa mafundi bomba haufai?

BintiHeksani
Mzunguko mmoja, siku ya dharura, nimewahi kuutumia. Ukikunja mara mbili jointi haikai sawa. FundiShingo atanipinga.

FundiShingo
Nakupinga, ila si leo.

Jicho_la_Mizani
Mrejesho. Sampuli yote iko kwenye bika. Siki ililala kwenye mfereji. Leo nimepasha mara tatu, ya tatu nikasikia "tik". Pete ya chaki imeondoka upande mmoja, kondensa inayumba kidogo, haitoki.

FundiShingo
Rudisha siki upande uliobaki. Keshokutwa isipotoka, mpelekee fundi wa glasi akate shingo ya flaski aunganishe nyingine. Kondensa usiguse, ndiyo ya thamani.

Mama_Kabati
Si nilisema kuloweka?