Tupeane uzoefu: makala yako ya kwanza kuonekana Google, maneno uliyachaguaje?

Mwanagenzi wa Ntinda
Habari zenu wadau. Niko mwezi wa nne wa mafunzo kazini hapa Kampala, kwenye duka la mashine za kutotolesha vifaranga. Naanza na langu, nanyi mlete yenu.

Makala ya kwanza niliilenga "poultry farming in Uganda" kwa sababu ndiyo iliyokuwa na watafutaji wengi kuliko zote kwenye Keyword Planner ya Google. Niliandika maneno 1,800. Wiki sita baadaye Search Console ilionyesha tuko nafasi ya 70 na ushei, na hakuna aliyebofya. Nilipotafuta mwenyewe ndipo nikaelewa: ukurasa wa kwanza ulijaa miongozo ya kuanza kufuga, banda, chanjo, chakula. Anayeandika vile hajafika kwenye kununua mashine.

Nikamwendea dada anayepokea simu za wateja, nikamuuliza wanalalamikia nini. Akasema, kila siku ni lilelile: siku ya 21 imepita, mayai hayajaanguliwa. Nikaandika Google "eggs not hatching" na yenyewe ikanimalizia "in incubator after 21 days". Keyword Planner ilionyesha 10 – 100 tu kwa mwezi, bosi akataka tuliache. Nikamwomba anipe nafasi.

Safari hii jibu nililiweka aya ya kwanza: joto lililoshuka au kupanda sana kutoka nyuzi 37.5, mayai yasiyogeuzwa hadi siku ya 18, unyevu mdogo siku za mwisho, umeme uliokatika. Kisha kila sababu nikaipa kichwa chake kidogo na namna ya kuitambua ukipasua yai. Leo tuko nafasi ya 6, na wateja wanne wamepiga simu wakitaja makala ile.

Mzoefu wa Jinja
Hongera mdogo wangu. Bosi wako asitishwe na 10 – 100. Akaunti isiyolipia matangazo huonyeshwa makadirio mapana, na hiyo ni ya msemo mmoja tu. Ukurasa mmoja mzuri huokota misemo mingi ambayo hukuilenga. Fungua Search Console, chagua ukurasa huo, tazama Queries, yaani misemo ambayo watu waliandika. Nina hakika utakuta watu wanaouliza kifaranga kufia ndani ya ganda. Kama msemo una Impressions nyingi, yaani ukurasa wako umeonyeshwa mara nyingi kwa wanaoutafuta, na makala yako haijaujibu, ongeza sehemu palepale.

Usikimbilie kuandika makala mpya. Mimi niliwahi kuwa na kurasa tatu zinazojibu swali moja. Google ikawa leo inaonyesha hii, kesho ile, na zote zikabaki chini. Nilizikusanya kuwa moja, anwani za zamani nikazielekeza kwenye hiyo. Siku hizi kabla ya kuandika hukagua kwanza:

```
site:example.com incubator
```

Weka tovuti yako badala ya example.com.

Kijana wa Mbarara
Mnazunguka sana. Mimi narudia neno mara 20 kwenye makala, naliweka kwenye kichwa, kwenye anwani ya ukurasa, na kwenye meta keywords. Inafanya kazi.

Mzoefu wa Jinja
Kwenye kichwa, sawa kabisa, na mwanzoni mwa makala pia. Lakini meta keywords Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haizitumii kupanga matokeo. Na hizo mara 20, msomee mtu kwa sauti uone atavumilia hadi ya ngapi. Jaribu kuondoa nusu, ukurasa hautashuka kwa ajili hiyo.

Kijana wa Mbarara
Nitajaribu kwa ukurasa mmoja, siyo wote.

Fundi wa Arua
Mimi nauza spea za bodaboda. Niandike makala gani ili duka litokee kwenye ramani mtu akitafuta spea?

Mzoefu wa Jinja
Mzee wangu, hiyo ya ramani ni Business Profile, maelezo ya duka lako unayoyajaza Google: saa za kufungua, picha za duka, simu, maoni ya wateja. Anza hapo, makala baadaye.

Mama wa Busia
Kuna jambo linanisumbua. Wateja wetu wa ng'ambo ya mpaka huuliza kwa Kiswahili, "mashine ya kutotolesha mayai bei gani", na Keyword Planner haionyeshi kitu. Niliweka aya mbili za Kiswahili chini ya makala ya Kiingereza, hazikuleta mtu hata mmoja.

Mzoefu wa Jinja
Ipe Kiswahili ukurasa wake, mama. Kichwa cha Kiingereza hakimvuti anayetafuta kwa Kiswahili.

Mwanagenzi wa Ntinda
Dada wa simu anasema hao hawaandiki Google, wanatuma sauti WhatsApp. Ila wiki hii nimeona "bei ya mashine ya mayai Kampala" kwenye Queries zetu, Impressions 9. Je, 9 zinatosha kuandikia ukurasa mzima?