Wakala wa ajira kanitumia barua ya ofa ya mtu mwingine, nimjibu vipi?

Mhasibu wa Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Nimefanya usaili wa uhasibu kupitia wakala mmoja wa ajira hapa Dar, nikaambiwa nisubiri majibu. Leo mchana imeingia imeili kutoka kwake, imeanza vizuri kwa jina langu, ila kiambatisho ni barua ya ofa ya kaka mwingine. Nilidhani ni yangu, nikasoma ukurasa wa kwanza mpaka kwenye mshahara: 2,400,000 kwa mwezi. Ukurasa wa pili nikaona namba yake ya NIDA na akaunti ya benki, nikafunga. Kazi ni ileile niliyoomba mimi, na kwenye fomu mimi niliandika 1,600,000. Nimjibu wakala au nikae kimya? Naogopa kuonekana mbea na kazi niikose.

Kisu cha Posta
Kaa kimya dada. Umeshajua bei ya soko, wakikupigia taja 2,400,000 bila kupepesa macho.

Mama Shani
Pole mdogo wangu. Mimi wakala aliipeleka sivii yangu kwa kampuni niliyokuwa nafanyia kazi, bosi akaniita ofisini kunionyesha. Hawa watu hawaaminiki kabisa, andika malalamiko moja kwa moja.

Ngwala
Mama Shani, hiyo ni kesi nyingine, wewe ndiye uliyevujishwa. Huyu kapokea cha mwenzake. Dada, sheria inasema wakala ana saa 72 za kutoa taarifa, kwa hiyo mtafute huyo kaka umwambie haraka. Namba yake si unayo kwenye barua?

Mzee wa Faili
Nimekaa idara ya rasilimali watu miaka mingi, ngoja nichangie. Ngwala, saa 72 ni sheria ya Kenya ya 2019. Yetu ni ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na malalamiko yanapokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kumtafuta huyo kaka usithubutu. Utakuwa umetumia taarifa zake kwa jambo ambalo hakukuruhusu, na yeye hatajua kama wewe ni msamaria au tapeli. Kumjulisha ni kazi ya wakala.

Kwanza hakikisha imeili ni ya kweli. Matapeli hupenda sana kutuma "barua ya mshahara iliyokosewa" ili mtu afungue kwa udadisi. Linganisha anwani na ile ya siku zote, hasa kinachofuata baada ya alama ya @. Ukiwa na shaka, piga namba iliyokuwa kwenye tangazo la kazi, usipige iliyo kwenye imeili hiyo.

Kisha jibu leo. Usibonyeze kutuma mbele, maana kiambatisho kitaondoka nacho. Ukijibu kawaida huwa kinabaki, lakini angalia kabla ya kutuma, na wengine wote waliomo kwenye nakala waondoe. Jina la kaka usiliandike. Mimi ningeandika hivi:

"Habari. Imeili yako ya leo mchana imekuja na barua ya ofa isiyo yangu. Niliifungua nikidhani ni yangu, nikasoma ukurasa wa kwanza na kuuona wa pili kabla ya kufunga. Sijaihifadhi kwingine wala kumpa mtu. Nipe maelekezo, nikiifuta nitakuthibitishia. Naomba pia uangalie kama taarifa zangu zimekwenda kwa mtu mwingine."

Sentensi ya mwisho usiiache. Hizi barua mara nyingi hutumwa kwa mkupuo kutoka kwenye jedwali, na safu ikiteleza mstari mmoja, kila mtu anapata ya jirani yake. Kama ya kaka imekuja kwako, yako inaweza kuwa kwa mwingine.

Kisu cha Posta
Mbona wakala asiirudishe tu mwenyewe? Outlook wana kitufe cha kuvuta.

Mzee wa Faili
Kinafanya kazi ndani ya ofisi moja. Ikishafika kwenye Gmail ya mtu, imefika. Ndiyo maana akikuambia ufute, futa kweli: kwenye kikasha, kwenye Trash ambako inakaa siku 30, na kwenye Downloads ya simu.

Mhasibu wa Mbagala
Nimeituma hivyohivyo baba. Kajibu ndani ya saa moja, kaomba radhi, kasema nifute, nimefuta. Kuhusu yangu kasema "tunafuatilia". Ila sasa mshahara? Nikitaja 1,600,000 najipunja na najua.

Mzee wa Faili
Usitaje barua. Waulize kiwango walichopanga kwa nafasi hiyo, kisha sema ya fomu uliyaandika kabla hujajua majukumu yote.

Mama Shani
Kaka, wakala si anajua kwamba ameiona? Ataigundua tu hiyo danadana.

Kisu cha Posta
Ndiyo maana nilisema akae kimya.

Mzee wa Faili
Atagundua, sikatai. Hata hivyo kuuliza kiwango ni haki ya kila mwombaji, aliyeona na asiyeona. Dada, hiyo "tunafuatilia" ikifika Ijumaa bila jibu, mwandikie tena kwenye imeili ileile, usimpigie simu.