Tunaishi wanne nyumba moja: daftari, kibubu au programu ya simu? Mwisho wa mwezi ni kelele tu

Mpangaji_Sinza
Wakuu habari za jioni. Tumepanga nyumba Sinza tuko wanne: mimi, binamu yangu, mwalimu mmoja wa sekondari na fundi wa aluminiamu. Kodi haina shida, kila mtu alitoa yake ya miezi sita. Balaa liko kwenye matumizi ya ndani. Mwenye hela siku hiyo ndiye ananunua, anaandika kwenye grupu la WhatsApp, tarehe 30 tunaanza kurushiana maneno. Mwezi uliopita nimetoa 186,000, mwalimu 120,000, binamu 94,000, fundi 20,000 tu. Nataka mwezi ujao tuchague kitu kimoja: daftari, kibubu ambacho kila mtu anaweka kiasi sawa, au programu kama Splitwise. Na fundi anadaiwa ngapi, na nani amlipe nani? Nawasilisha.

TajiriKesho
Splitwise, mjadala umefungwa. Mnaingiza nani kalipa na nani wanahusika, mengine inafanya yenyewe. Ina sehemu imeandikwa "Simplify debts", ukiiwasha inakupunguzia mizunguko ya kulipana. Watu wazima mnagombania daftari?

Mpangaji_Sinza
Mkuu, mwalimu ana kitochi.

TajiriKesho
Basi mwingizie wewe.

Mpangaji_Sinza
Nikimwingizia mimi ndiyo atasema nimepika hesabu. Ugomvi wenyewe ulianzia hapo.

Mtoto_wa_Tandale
Mbona rahisi. Kila risiti gaweni kwa nne. Umenunua gesi ya 58,000, kila mmoja anakurudishia 14,500 siku ileile. Hakuna kusubiri tarehe 30.

Karani_Mstaafu
Jibu lako litatoka sahihi, Tandale, ila njia utakayopita itawachosha. Vitu thelathini kwa mwezi, kila kimoja watu watatu wanamtumia mmoja: ni miamala tisini, na kila muamala una makato. Leo mimi nakutumia 3,000 ya nyanya, kesho wewe unanitumia 3,000 ya sabuni, kampuni ya simu ndiyo inayoshiba.

Ndugu mleta mada, kwa namba ulizoweka hapo juu: jumla 420,000, kwa nne ni 105,000 kila kichwa. Toa hiyo kwenye alichotoa kila mtu. Wewe umezidisha 81,000, mwalimu amezidisha 15,000, binamu amepungukiwa 11,000, fundi amepungukiwa 85,000. Waliozidisha wana 96,000 na waliopungukiwa wana 96,000. Hizo mbili zisipolingana, usimtumie mtu hata shilingi, kuna kitu kimeandikwa mara mbili au kimesahaulika. Sasa anayedaiwa zaidi anamlipa anayedai zaidi mpaka mmoja wao aishe: fundi anakupa 81,000, inayobaki 4,000 anampa mwalimu, na binamu anampa mwalimu 11,000. Mara tatu tu mmemalizana. Kwa watu wanne haizidi tatu hata mwezi uwe na manunuzi mia.

Lakini sijaridhika na namba zako. Wote mlikuwepo mwezi mzima? Wote mnakula humo ndani? Hakuna aliyeleta kitu kisicho na risiti?

Mpangaji_Sinza
Binamu alisafiri Songea kama wiki mbili. Ila kusafiri ni uamuzi wake, umeme si uliendelea kuwaka?

MamaWawili
Umeme ndiyo. Wali je, mlimpakulia akiwa Songea? 😂

Sheikh_Mzani
Kwenye mirathi mambo haya yameshawekwa wazi, kila mtu na fungu lake. Muitane wanaukoo mkae.

MamaWawili
Sheikh, hawajafiwa. Wanagombania mchele.

Mpangaji_Sinza
Umetaja mchele, ngoja niseme ukweli. Mama yake fundi alituma kilo 25 kutoka Kyela, tumekula wote ukaisha. Fundi ndiyo anasema "mimi nilileta mchele". Lakini hakununua, alipewa na mama yake!

Karani_Mstaafu
Alaa! Na wewe ulipokuwa unaula ulikuwa wa nani? Mchele wa Kyela mtaani kwenu kilo ngapi?

Mpangaji_Sinza
3,000.

Mtoto_wa_Tandale
Basi 75,000. Fundi alikuwa anadaiwa 85,000, toa 75,000, anabaki na deni la 10,000. Kwisha habari.

Karani_Mstaafu
Hapo ndipo wengi wanapoteleza, na nilipokuwa natunza hesabu za mesi ya wafanyakazi niliiona kila mwezi. Huo mchele fundi naye ameula. Ukimhesabia 75,000 kama mchango, matumizi ya nyumba nayo yamepanda kwa 75,000, na robo yake, yaani 18,750, ni ya kwake mwenyewe. Kwa kugawa sawa angedaiwa 28,750. Ingiza mchele pande zote mbili, kwenye alichotoa na kwenye kilicholiwa.

Kuhusu "alipewa na mama yake": mama alimpa mwanawe, hakuwapa nyinyi watatu. Sasa rudi kwenye swali langu. Nani mwingine alikula humo ndani?

Mpangaji_Sinza
Mdogo wangu alikuja kufanya usaili wa kazi. Siku kadhaa.

MamaWawili
Kadhaa ngapi?

Mpangaji_Sinza
Ishirini.

TajiriKesho
😂😂😂 Na ulivyokuja umenuna utadhani umedhulumiwa.

Pwani254
Mimi niko Mombasa, wacha niwape yangu kuhusu hicho kibubu kabla hamjakipenda. Tulikuwa wasichana watatu, kila tarehe moja tunaweka kiasi sawa kwenye mkebe wa maziwa ya unga juu ya kabati. Miezi miwili raha mustarehe. Wa tatu, mwenzetu mtoto wake akaugua usiku, akachota. Nani angemlaumu? Lakini hakuandika, na sisi tukaona haya kumuuliza. Wiki ile mwingine akachota nauli, kisa yule alichota na hakusemwa. Mimi nikaona mjinga ni mimi, nikanunua mtungi wa gesi kwa hela ya mkebe nikaubakisha jikoni kama wangu. Jumamosi moja stima ikaisha tukiwa na wageni, kufungua mkebe tukakuta sarafu na noti ya hamsini. Hakuna aliyeiba, na kila mtu alikuwa na sababu. Mwenzetu akahama bila kuaga, na hapo ndipo uchungu ulipoanza: alikuwa na fungu lake kwenye dipoziti ya nyumba, sisi tunamdai ya mkebe, na daftari hakuna. Mpaka leo tukikutana sokoni Kongowea kila mmoja anajifanya anachagua vitunguu.

MamaWawili
Pole shoga. Ila kibubu hakina kosa, mlikosa karatasi ndani ya mkebe.

Pwani254
Karatasi na kalamu vilikuwepo. Ni kuona haya ndiko kulikotuzuia kuandika.

Karani_Mstaafu
Kibubu kinafaa kwa vitu vya bei moja kila mwezi, kama dada wa usafi na intaneti. Sokoni mtu anatoka na kilichomo mfukoni, kwa hiyo daftari halikwepeki.

Mleta mada, kati ya ile 420,000, chakula kilikuwa ngapi?

Mpangaji_Sinza
Nimepitia grupu lote sasa hivi. Chakula 240,000. LUKU, maji, gesi, usafi na intaneti 180,000.

Karani_Mstaafu
Vizuri. Ile 180,000 gawa kwa nne, 45,000 kila mmoja. Gesi ni ya jikoni, wengine wangeipeleka kwenye chakula, mimi naiacha ili tusikeshe hapa. Chakula ongeza mchele, kinakuwa 315,000, na hiki usigawe kwa vichwa, gawa kwa siku za kula. Mwalimu 30, fundi 30, binamu 16, wewe 30 pamoja na 20 za mdogo wako, maana mgeni wako ni sahani yako. Jumla siku 126. Siku moja inatoka 2,500.

Kwa hiyo sehemu yako ni 125,000 ya chakula na 45,000, jumla 170,000. Ulitoa 186,000, unadai 16,000. Mwalimu sehemu yake 120,000 na alitoa 120,000, hadai wala hadaiwi. Binamu sehemu yake 85,000, alitoa 94,000, anadai 9,000. Fundi sehemu yake 120,000, alitoa 20,000 na mchele wa 75,000, anadaiwa 25,000. Fundi akupe wewe 16,000, na ampe binamu 9,000. Basi.

Kwa kugawa sawa binamu alionekana mdaiwa, kumbe anadai. Na deni la fundi limeshuka kutoka 85,000.

TajiriKesho
Mzee nimekuvulia kofia. Ila hata Splitwise unaweza kugawa kwa mafungu, si lazima sawa kwa sawa.

Karani_Mstaafu
Sikatai. Lakini nayo itagawa kile ulichoiambia. Isingejua habari za mchele wala za mdogo wake.

Dada_Excel
Kwa asiyetaka kupiga hesabu kwa mkono, weka jedwali: safu A tarehe, B aliyetoa, C kiasi, D aina. Jumla ya kila mtu inapatikana hivi:

```
=SUMIF(B:B,"Fundi",C:C)
```

Jina liandikwe vilevile kila mara. Mimi niliwahi kuandika "Fundi" juu na "fundi Juma" chini, 40,000 ikapotelea hapo. Halafu wikiendi chapisha, bandika kwenye mlango wa friji, mwenye kitochi naye aone.

Mtoto_wa_Tandale
Friji ni ya nani? Maana friji ndiyo inamaliza LUKU.

Mpangaji_Sinza
Ya mwalimu. Yeye anasema ni yetu sote kwa kuwa tunaweka maji.

MamaWawili
Mnaweka maji au samaki? Akihama na friji yake ndiyo mtajua. Mimi ningemwondolea kitu kidogo kwenye LUKU.

Mtoto_wa_Tandale
Aondolewe kwa lipi, friji yenyewe si inalindwa bure na watu wanne? Na fundi ana feni usiku kucha, mbona hamsemi?

Karani_Mstaafu
Feni na friji siingii. Wekeni mita ndogo kwenye chumba kama mnataka kufika huko.

Mpangaji_Sinza
Wakuu nimerudi. Nimemwonyesha fundi karatasi. 25,000 kakubali, atatoa akilipwa na tajiri wake. Tatizo binamu kaona ile 9,000 anaitaka leo, na anasema kwa kuwa fundi hana, nimpe mimi halafu nitadai kwa fundi 25,000 yote. Hii imekaaje?

TajiriKesho
Kihesabu ni sawa.

Pwani254
Usikubali hata kidogo.

Mtoto_wa_Tandale
Kwani mdogo wako kazi alipata?