Nilifuta kila kitu, lakini shemeji alijua nimempigia wakili mara ngapi na saa ngapi

Mama_wa_Pasiansi (mleta uzi)

Wakuu, nimekasirika na sitaficha. Jina la programu silitaji.

Mume wangu tulimzika mwezi wa tatu. Siku ya nne tu baada ya mazishi, shemeji zangu wakaanza kuuliza hati ya nyumba iko wapi. Nikaona mambo yanakoelekea. Dada mmoja wa jumuiya akanipa namba ya wakili anayesaidia wajane. Nikawa naongea naye usiku watoto wakishalala, mara kwa kuandikiana, mara kwa kupigiana ndani ya programu hiyo hiyo. Kila tukimaliza nafuta mazungumzo. Programu inaniuliza kama nina uhakika, nakubali, yanatoweka. Nalala nikijua yameisha.

Wiki iliyopita shemeji mkubwa aliniomba simu, akasema bando lake limekata na anataka kumpigia mtu wa turubai. Nikampa, ningemnyimaje mbele ya watu? Akafungua ile sehemu ya simu ndani ya programu. Zote zilikuwepo. Simu 11 kwenda namba moja, kila moja na tarehe yake na saa yake. Ukigusa unaona na dakika mlizoongea. Ya kwanza ni siku ya tano baada ya mazishi, saa nne na robo usiku, dakika 38. Akazipiga picha kwa simu ya mwanawe.

Kwenye kikao cha ukoo zikasomwa kama hati ya mashtaka. "Hata arobaini ya marehemu haijafika, huyu ameshamaliza kutafuta wakili." Hakuna hata mmoja aliyejua neno moja tulilozungumza. Nilikuwa nauliza ada ya mtoto inaweza kutoka wapi kabla mirathi haijafunguliwa! Lakini nani aliuliza hilo? Saa na tarehe zilitosha kunihukumu.

Nilipotulia nikaomba ripoti ya akaunti yangu, ile unayoiomba kwenye mipangilio. Ilichukua siku tatu. Ndani kuna aina ya simu yangu, anwani ya mtandao niliyoingilia mara ya mwisho, saa niliyoonekana mara ya mwisho, makundi niliyomo, na namba za watu wote waliomo kwenye kitabu changu cha simu. Wakili yumo. Fundi bomba yumo. Mwalimu wa darasa la pili ambaye sijawahi kumwandikia hata salamu naye yumo. Nikawaandikia huduma kwa wateja: futeni kumbukumbu kwamba niliwahi kuwasiliana na namba hii. Wakanitumia maelekezo ya jinsi ya kufuta mazungumzo.

Sasa naomba mtu anieleze. Neno "futa" maana yake nini kwa hawa watu?

Kijana_wa_Nyegezi

Pole sana mama. Ila hofu ya kampuni ondoa. Ujumbe wa programu nyingi siku hizi umefungwa kwa ufunguo mwanzo hadi mwisho, wao wenyewe hawawezi kusoma kitu. Tatizo lako ni shemeji tu, weka neno la siri kwenye simu.

Mama_wa_Pasiansi

Mwanangu, soma tena nilichoandika. Hakuna aliyesoma ujumbe wangu. Walisoma NANI na LINI.

Seva_ya_Kihonda

Shikamoo mama, na pole kwa msiba. Nimefanya kazi na seva za ujumbe miaka kadhaa, nitajaribu kujibu swali lako kama lilivyo.

Kuna madaftari mawili, na wewe ulikuwa unafuta ukurasa mmoja wa daftari moja. Daftari la kwanza liko ndani ya simu yako. Humo mazungumzo yanawekwa sehemu yake na simu zilizopigwa sehemu yake. Ukifuta mazungumzo na wakili, orodha ya simu haiguswi. Inabidi uingie kule ufute peke yake. Hiyo ndiyo iliyokuumiza, na ni kosa la waliotengeneza kwamba hawakuambii pale pale unapobonyeza. Tena kwenye simu nyingi za Android programu hizi hutunza nakala ya akiba inayotengenezwa usiku, na nakala za siku chache zilizopita hubaki. Ulichofuta leo asubuhi bado kimo kwenye nakala ya jana.

Daftari la pili liko kwa kampuni, na hilo huna kitufe chake. Kijana wa Nyegezi yuko sahihi kwamba maneno yamefungwa. Lakini barua iliyofungwa kwa gundi bado ina anwani juu ya bahasha, la sivyo haifiki. Seva lazima ijue ujumbe unatoka namba ipi, unakwenda namba ipi, na imeupokea saa ngapi. Mpokeaji akiwa amezima simu, seva inaushikilia mpaka awashe. WhatsApp, kwa mfano, wanasema huushikilia hadi siku 30 kisha huufuta. Maneno hayasomeki, bahasha inasomeka.

Swali ni kama wakishapeleka barua wanatupa bahasha au wanaiandika mahali. Hapo ndipo huduma zinatofautiana sana. Mwaka 2016 mahakama moja ya Virginia, Marekani, iliwadai watu wa programu ya ujumbe ya Signal taarifa za mtumiaji. Walichokuwa nacho kutoa ni vitu viwili tu: tarehe akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho ilipounganishwa na seva. Sababu ni kwamba mtambo wao ulijengwa usitunze hayo mengine.

Babu_Tarishi

Mimi laini yangu ilifutwa kwa sababu sikuitumia miezi, akapewa mtu mwingine. Sasa watu wananiambia wanaona picha ya binti wasiyemjua kwenye namba yangu, na yeye anapokea salamu za wajukuu zangu. Hii nayo ni kufuta?

Seva_ya_Kihonda

Mzee shikamoo, hiyo ni shida nyingine lakini inafanana na hii kwa jambo moja. Namba yako bado imo kwenye vitabu vya simu vya wajukuu. Wewe huwezi kuifuta humo.

Na hili linakuhusu pia mama. Wakili naye ameihifadhi namba yako, huenda kwa jina linalosema wewe ni nani na kesi gani. Programu yake inapopandisha kitabu chake cha simu, namba yako inapanda nayo. Hata ukifunga akaunti leo, kitabu chake hakibadiliki. Kuna waraka wa FBI wa Januari 2021 uliovuja hadharani baadaye mwaka huo, unaoonyesha kila huduma inaweza kuwapa nini. Kwa WhatsApp, hati ya upekuzi huwapa wapelelezi namba zilizomo kwenye kitabu cha mlengwa, na pia watumiaji ambao wao ndio wanayo namba ya mlengwa kwenye vitabu vyao. Yaani wanakupata kupitia watu ambao hujui hata kama wamekuhifadhi.

Wakili_Mstaafu_TZ

Mleta uzi, unayo haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na Tume yake ipo. Waandikie wafute, wakikataa walalamikie Tume.

Mama_wa_Pasiansi

Asante baba. Lakini haki hiyo inafika mpaka wapi? Simu ya mtoto wa shemeji yenye picha ya orodha yangu, nani ataifuta? Na kitabu cha wakili ni cha wakili.

Wakili_Mstaafu_TZ

Cha wakili ni cha wakili, hapo nakubali. Mimi nasemea walichonacho kampuni. Lazima kwanza wakuambie wanacho.

Kijana_wa_Nyegezi

Basi afunge akaunti kabisa. Si inafuta vyote?

Seva_ya_Kihonda

Inafuta vingi. Kwa WhatsApp maelezo yao yanasema kazi hiyo inaweza kuchukua hadi siku 90, na kwamba nakala za ujumbe uliowatumia wengine zinabaki kwao. Baadhi ya kumbukumbu za mtambo nazo zinaweza kubaki, zikiwa zimetenganishwa na utambulisho wako. Hata ile "futa kwa wote" inaacha mstari kwenye simu ya mwenzako unaosema ujumbe umefutwa, na saa yake pembeni. "Nani" na "lini" vimebaki, kilichoondoka ni "nini" tu.

Mama, umesema saa tu zilikuhukumu. Si wewe wa kwanza. Marekani kulikuwa na ofisa wa Wizara ya Fedha, Natalie Edwards, aliyempa mwandishi wa BuzzFeed News nyaraka za siri za miamala ya benki. Mwaka 2018 wapelelezi walipata agizo la mahakama la kufuatilia mawasiliano yake, bila kusoma maneno. Kwenye mashtaka waliandika kwamba saa chache baada ya agizo kuanza kufanya kazi, yeye na mwandishi walibadilishana ujumbe kama 70 kati ya saa sita na dakika 33 na saa sita na dakika 54 usiku. Habari ilikuwa imetoka jana yake. Mwaka 2021 chombo cha habari cha ProPublica waliandika kwamba programu yenyewe ilikuwa WhatsApp. Ushahidi mwingine ulikuwepo, hata simu yake ilichukuliwa, na alikiri akafungwa miezi sita. Lakini dakika 21 zile za usiku wa manane zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kumwelekezea kidole.

Mama_wa_Pasiansi

Kwa hiyo kumbukumbu za zamani wanazo au hawana? Jibu moja tu nataka.

Seva_ya_Kihonda

Jibu moja sina mama, sitakudanganya. Agizo kama lile huanza kuhesabu kuanzia siku linapowekwa. Ule waraka wa FBI unasema WhatsApp hutuma taarifa za nani kamwandikia nani kila baada ya dakika 15, lakini ni za kuanzia hapo mbele. Kampuni yenyewe ilisema Januari 2021 kwamba haitunzi kumbukumbu za nani anamwandikia au kumpigia nani. Sera yake ya faragha nayo inasema inakusanya muda, idadi na urefu wa shughuli na mawasiliano yako. Nimesoma sentensi hizo mbili mara nyingi. Zinaweza kuwa kweli zote mbili, kama wanahesabu bila kuandika majina. Kutoka nje siwezi kuhakikisha. Na ripoti uliyopewa kutokuwa na orodha ya simu 11 haithibitishi kwamba orodha haipo. Inaonyesha tu kwamba hawakuiweka kwenye ripoti.

Babu_Tarishi

Sisi tulipokuwa posta tulipiga mhuri bahasha, hatukuandika daftari la nani kamwandikia nani. Ila barua za rejista tuliziandika. Aliyetaka rejista alijua anaandikwa, alitia sahihi yake pale kaunta.

Mama_wa_Pasiansi

Babu, hapo ndipo penye kidonda changu. Mimi sikutia sahihi popote.

Nimeingia sasa hivi kwenye ile sehemu ya simu. Kuna nyingine mbili za jana, moja ni ya wakili, dakika 12. Nimefuta ile, halafu nikakumbuka kwamba kwake bado ipo. Kikao cha pili ni Jumamosi na wameniambia nije na simu. Nimemuuliza wakili kama wana haki ya kuidai, bado hajajibu. Aliyewahi kudaiwa simu kwenye kikao cha mirathi aniambie alifanyaje.