Hisa inaonyesha gawio asilimia 22, nitie milioni nne au niache?

Neema_wa_Mbeya:
Wakuu, habari za humu. Nina milioni nne zilizotoka kwenye kikoba na sitaki zilale. Kwenye programu ya dalali wangu kuna orodha ya kampuni zote za soko la Dar, na pembeni kuna safu ya asilimia ya gawio. Kampuni nyingi ziko kati ya 4 na 9. Kuna moja (sitaitaja jina, isije ikawa nawapigia debe au nawaharibia) inaonyesha asilimia 22. Bei ya hisa ni shilingi 310 na gawio la mwaka jana lilikuwa shilingi 68. Nimepiga hesabu: milioni nne inanunua hisa kama 12,900, mara 68, napata karibu laki nane na elfu themanini kwa mwaka. Hakuna benki inayonipa hiyo. Nauliza tu, mbona watu hawaigombanii?

Kijana_wa_Kariakoo:
Dada, hapo umejibu swali lako mwenyewe. Watu hawaigombanii kwa sababu wanajua kitu. Mimi sheria yangu ni moja, ikizidi asilimia 10 nakimbia. Sijawahi kujuta.

Baba_Junior:
Mimi nimeweka akaunti ya muda maalumu kwa asilimia 9 na kila mwaka riba inaingia bila maswali. Kama hao wanatoa 22 wamesaini mkataba na wewe wa miaka mingapi? Na ukivunja kabla ya muda wanakata ngapi?

Neema_wa_Mbeya:
Hakuna mkataba kaka, ni hisa.

Mhasibu_Mstaafu:
Baba Junior, hiyo siyo riba. Riba inaahidiwa kabla. Gawio bodi inalipendekeza baada ya mwaka kuisha na wanahisa wanalipitisha kwenye mkutano mkuu, na wakiona hakuna hela wanasema mwaka huu hatutoi, hakuna wa kuwashtaki.

Neema, tuanze na jinsi hiyo 22 ilivyopatikana. Programu imechukua shilingi 68 ikagawa kwa 310. Basi. Sasa tazama namba hizo mbili zinatoka wapi. Ile 68 ni ya mwaka uliopita, imeshatangazwa, pengine imeshalipwa na kuliwa. Ile 310 ni ya leo asubuhi, na ndani yake mna kila kitu ambacho wanunuzi wanadhani kitatokea mwakani. Kwa hiyo umegawa habari ya zamani kwa maoni ya leo. Kampuni ikiyumba, bei inashuka siku hiyohiyo, lakini gawio la zamani linabaki pale kwenye safu mpaka litangazwe jingine. Ndiyo maana asilimia inapanda wakati mambo yanaharibika, na mtu aliye mbali anaona neema.

Nipe majibu matatu nikusaidie. Bei mwaka jana wakati kama huu ilikuwa ngapi? Miaka ya nyuma waligawa ngapi? Na kwenye tangazo la hiyo 68, iliandikwa yote ni gawio la kawaida?

Mswahili_Leicester:
Wakati dada anatafuta, niwape kisa cha huku Uingereza kinachowahusu hata nyie, maana ni Vodafone, wenye Vodacom.

Mwaka wa fedha ulioisha Machi 2018 Vodafone waligawa senti 15 za yuro kwa hisa. Bei ikaanza kuporomoka. Ushindani ulikuwa mkali Italia na Uhispania, leseni za masafa zilikuwa ghali, na walikuwa wamekubali kununua mitandao ya kebo ya Liberty Global ya Ujerumani, Czech, Hungaria na Romania kwa zaidi ya yuro bilioni 18. Kufikia mwanzoni mwa 2019 hisa ilikuwa kama senti 160 za yuro, na asilimia ya gawio ikawa inasogelea 10. Novemba 2018 uongozi ulikuwa umesema gawio halitaguswa. Watu wengi walinunua kwa neno hilo. Mei 2019 wakalikata mpaka senti 9.

Subiri, haijaisha. Bei iliendelea kuteremka mpaka hizo senti 9 nazo zikaonekana asilimia 10 na ushee mwishoni mwa 2023. Kundi jingine likaingia kwa hesabu ileile. Machi 2024 wakatangaza kwamba kuanzia mwaka wa fedha unaofuata gawio litakuwa senti 4.5.

Sasa mfuate aliyenunua kwa 160 akitegemea 15. Alipata 9 kwa miaka kadhaa, yaani asilimia 5 na nusu hivi ya pesa aliyotoa, halafu ikashuka chini ya 3. Na hisa yenyewe ilikuwa imeporomoka mpaka karibu nusu ya alichonunulia. Hakuna mwaka hata mmoja aliouona ule wa asilimia 10.

Kijana_wa_Kariakoo:
Ndiyo hicho nilichosema. Ikizidi 10 kimbia.

Otieno_NSE:
Ngoja kidogo ndugu yangu, ungekimbia Safaricom basi. Agosti 2021 ilikuwa imepita shilingi 40 za Kenya, na gawio la 1.37 lilikuwa kama asilimia 3, kila mtu anaipenda. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa imezama mpaka kama 12. Gawio lilikuwa 1.20, kwa hiyo safu ilisoma asilimia 10. Hapa Nairobi tuliambiwa ni mtego. Lakini gawio likabaki 1.20 mwaka ulioishia Machi 2024, likabaki 1.20 tena 2025, na bei ikarudi zaidi ya 25.

Tofauti yake na hiyo Vodafone ni kilichoshusha bei. Wawekezaji wa nje walikuwa wanauza kila kitu cha Kenya, shilingi inadhoofika, na kweli Ethiopia ilikuwa inakula pesa. Lakini faida kwa kila hisa ilikuwa bado inazidi 1.20. Gawio lilikuwa linatoka kwenye faida ya mwaka huohuo, na ndivyo sera yao inavyosema, wagawe asilimia 80 ya faida. Kwa hiyo asilimia peke yake haikuambii kama ni mtego au ni bei ya bure.

Kisha kuna aina nyingine kabisa: Umeme ya Uganda, tuliyokuwa nayo pia hapa Nairobi. Leseni yao ya kusambaza umeme ilikuwa ya miaka 20, iliyoanza 2005 na kuisha tarehe 31 Machi 2025, kazi ikarudi kwa UEDCL ya serikali. Mtu aliyekuwa anasoma asilimia ya gawio miaka ile ya mwisho alikuwa anasoma biashara yenye tarehe ya kufa. Pesa aliyokuwa anapokea, sehemu yake ilikuwa mtaji wake mwenyewe unarudishwa.

Neema_wa_Mbeya:
Asanteni sana. Mhasibu, nimepata. Mwaka jana bei ilikuwa 420. Gawio la miaka miwili ya nyuma lilikuwa 24 na 26. Na tangazo nimelifungua, kumbe limeandikwa shilingi 28 ni gawio la kawaida na 40 ni "gawio maalumu kufuatia mauzo ya ghala". Hapo ndipo nimeanza kuelewa.

Mhasibu_Mstaafu:
Umeona sasa. Ghala linauzwa mara moja. Ile 40 iondoe kabisa. Inabaki 28 kwa 310, yaani asilimia 9. Hiyo namba angalau inaeleweka, lakini nayo ni ya mwaka jana. Bei imetoka 420 mpaka 310, na sehemu ya anguko hilo ni ya kawaida, maana daftari la wanahisa likishafungwa mnunuzi mpya hapati ile 68, kwa hiyo hawezi kulipa bei ileile. Lakini 420 kutoa 68 ni 352, siyo 310. Kuna shilingi arobaini na kitu hapo hazijaelezwa. Fungua hesabu za nusu mwaka, tafuta mstari wa faida kwa kila hisa.

Neema_wa_Mbeya:
Nusu ya kwanza mwaka jana 17. Mwaka huu 9. Mwaka mzima uliopita ilikuwa 33.

Mhasibu_Mstaafu:
Basi fuata. Mwaka jana walipata 33 wakagawa 28 ya kawaida, ni kama asilimia 85 ya faida. Hawakubakiza nyingi. Mwaka huu nusu ya pili ikifanana na ya kwanza, watapata 18. Wakigawa kwa kiwango kilekile ni shilingi 15. Gawa kwa 310 unapata asilimia 5 hivi, na humo hujatoa kodi ya zuio ya asilimia 5 ya gawio lenyewe. Kwa milioni nne zako ni kama laki moja na tisini na nne kabla ya kodi.

Halafu kuna mstari mmoja watu wengi hawaufiki, uko kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha: fedha halisi kutoka kwenye shughuli za kampuni. Faida inaweza kuwepo kwenye karatasi huku wateja hawajalipa. Ukikuta fedha iliyoingia ni ndogo kuliko gawio lililotoka, na mikopo ya benki imeongezeka mwaka huohuo, ujue gawio limelipwa kwa deni. Hapo ndipo linapokatwa.

Baba_Junior:
Kwa hiyo akaunti yangu ya muda maalumu imeshinda. Nilisema.

Otieno_NSE:
Kwa mwaka huu pengine imeshinda, Baba Junior. Lakini riba yako haikui, na gawio la kampuni nzuri linaweza kuongezeka kila mwaka. Swali ni kama hii ni kampuni nzuri.

Kijana_wa_Kariakoo:
Mimi bado naona sheria yangu imefanya kazi. Mzee ametumia aya tatu kufika nilipofika kwa sentensi moja.

Mswahili_Leicester:
Sheria yako ingemkimbiza kwenye 22 na ingemruhusu kwenye 9, ndugu. Na ile 9 nayo si ya kweli.

Mhasibu_Mstaafu:
Na mimi pia nimekisia, nisieleweke vibaya. Nusu ya pili inaweza kuwa na msimu mzuri, kampuni nyingi za bidhaa zinauza zaidi kuelekea Desemba. Linganisha na mwaka jana: nusu ya kwanza 17, mwaka mzima 33, nusu ya pili ilikuwa 16. Kwa hiyo sioni msimu hapo, lakini mwaka mmoja ni ushahidi mdogo. Tafuta hesabu za mwaka juzi pia.

Neema_wa_Mbeya:
Nimesogea kwenye huo mtiririko wa fedha. Fedha kutoka shughuli za kampuni ni pungufu ya mwaka jana, ila si hasi. Mkopo wa benki umepanda, lakini maelezo yanasema wamenunua mashine mpya. Sasa hapo nasoma vipi?

Mhasibu_Mstaafu:
Hapo ndipo penye ubishi. Angalia kwenye fedha za uwekezaji kama manunuzi ya mashine yanakaribiana na kiasi cha mkopo mpya. Yakikaribiana, mkopo umenunua mashine. Mkopo ukiwa mkubwa kuliko mashine, ile ziada imekwenda mahali. Na ghala walilouza, uliza kama sasa wanalipangisha hilohilo, maana hapo kuna kodi ya pango mpya kila mwezi inayokula faida, na pengine ndiyo iliyoshusha 17 mpaka 9.

Neema_wa_Mbeya:
Mashine ni ndogo kuliko mkopo, karibu robo tatu yake. Kuhusu ghala hawajaandika chochote. Nampigia dalali Jumatatu nimuulize, milioni nne zinabaki zilipo kwa sasa.